Kamishna wa viapo, notari ao avoka: Karatasi ya Kampala inakataliwa Butembo kwa sababu gani?

Wakongomani wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wana maisha pande mbili za mpaka. Mtoto anasoma Kampala, duka liko Butembo, nyumba ya marehemu baba iko Goma, na ndugu mmoja anaishi Nairobi. Siku moja buro fulani inaomba karatasi yenye kashe ya mwanasheria, na hapo ndipo pesa zinaanza kupotea. Nchini Uganda, Kenya na Tanzania kuna mtu anayeitwa kamishna wa viapo, ambaye Kongo haina. Kuna pia notari, lakini notari wa Kampala na notari wa Goma hawafanani. Na kuna avoka, ambaye watu hudhani kashe yake inatosha mahali pote.

Wote watatu wanapiga kashe, na kwa macho ya mtu asiyezoea mambo ya sheria kashe hizo zinafanana. Lakini kila moja inashuhudia jambo tofauti. Anayejua tofauti hiyo anaweza kuuliza buro swali moja ao mawili kabla ya kulipa, badala ya kurudishwa na karatasi yake mkononi.

Kamishna wa viapo anashuhudia kiapo tu

Katika nchi zilizorithi sheria za Waingereza, mtu anaweza kuandika maelezo yake kwenye karatasi, kisha akaapa mbele ya mtu aliyepewa mamlaka kwamba maelezo hayo ni ya kweli. Karatasi hiyo inaitwa hati ya kiapo, ao afidaviti. Anayepokea kiapo hicho ndiye kamishna wa viapo. Nchini Uganda na Kenya, makamishna hao wanateuliwa na Jaji Mkuu kutoka kati ya maavoka wanaoendelea na kazi. Nchini Tanzania, sheria inaunganisha kazi ya notari na ya kamishna wa viapo, na ndiyo maana mara nyingi kashe moja ya wakili wa Dar es Salaam ao Kigoma inataja zote mbili.

Kazi yenyewe ni fupi. Mwenye karatasi anafika yeye mwenyewe na kitambulisho chake. Kamishna anamuuliza kama anajua yaliyoandikwa na kama ni kweli. Mtu anaapa kwa Biblia ao kwa Kurani, na yule ambaye dini yake ao dhamiri yake haimruhusu kuapa anatoa tamko rasmi bila kiapo. Kisha anatia sahihi mbele ya kamishna. Chini ya sahihi hiyo kamishna anaandika kwamba kiapo kimetolewa mbele yake, anataja mahali na tarehe, anatia sahihi yake na kupiga kashe. Kama kuna kopi za karatasi zingine zilizounganishwa, kila moja inapewa alama, kwa mfano herufi A ao B, na inapigwa kashe nayo.

Kashe hiyo haisemi kwamba maelezo ni ya kweli. Inasema kwamba mtu fulani, siku fulani, mahali fulani, ameapa kwamba ni ya kweli. Mzigo wa uongo unabaki juu ya aliyeapa. Nchini Uganda na Kenya, kusema uongo chini ya kiapo katika kesi kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7.

Kwa hiyo hati ya kiapo inafaa pale buro inapotaka mtu ajibu mwenyewe kwa maneno yake. Mwanafunzi Mkongomani wa Kampala aliyepoteza kadi yake anapeleka ripoti ya polisi pamoja na hati ya kiapo. Mzazi ambaye jina la mtoto limeandikwa Kahindo kwenye karatasi moja na Kayindo kwenye nyingine anaapa kwamba ni mtoto yuleyule. Mtu mwenye kesi anaapa juu ya yale aliyoyaona. Katika mambo kama hayo, kamishna wa viapo anatosha, na hakuna haja ya kulipa notari.

Notari: jina moja, kazi mbili

Hapa ndipo wasomaji wa Kongo wanapotea zaidi. Kongo inafuata desturi ya sheria ya Ubelgiji. Kazi ya notari inaongozwa na amri-sheria nambari 66-344 ya tarehe 9 Juni 1966, iliyorekebishwa mwaka 2016. Notari ambaye wakaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wanamjua ni mtu wa leta. Ana buro yake, ana daftari lake, na karatasi aliyoipokea inapata nguvu ya hati halisi ya leta. Maana yake ni kwamba mbele ya tribinali, anayeipinga ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba ni ya uongo.

Nchini Uganda na Kenya, notari ni avoka wa kawaida aliyepewa cheti cha ziada. Anaweza kuwa na buro ndogo kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la biashara, na mara nyingi mtu huyohuyo ni kamishna wa viapo pia. Kazi yake kubwa ni karatasi zinazokwenda nchi za nje. Anahakikisha kwamba aliyetia sahihi ni yule anayejitaja, kwamba sahihi imetiwa mbele yake, ao kwamba kopi inafanana na ile ya kwanza. Kisha anatia sahihi na kuweka muhuri wake wa notari.

Kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na kashe mbili kwenye meza moja, mteja asiposema karatasi inakwenda wapi anaweza kupigiwa ile isiyofaa. Kashe ya kamishna mara nyingi ni ya bei nafuu, na mteja mwenye haraka anafurahi. Shida inaonekana karatasi inapovuka mpaka.

Avoka anasema kwa niaba yako

Avoka ni yule anayeshauri, anayeandaa mikataba na anayesimama tribinalini kwa niaba ya mteja. Nchini Kongo, kazi yake inaongozwa na amri-sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Kashe ya kabine yake kwenye mkataba inaonyesha nani aliyeuandaa, lakini haiugeuzi kuwa hati ya leta. Mkataba ulioandikwa na avoka wa Bukavu na kutiwa sahihi na wauzaji na wanunuzi unabaki kuwa mapatano kati ya watu binafsi mpaka wakati utakapopelekwa kwa notari.

Nchini Uganda na Kenya, avoka anaweza kuwa kamishna wa viapo, lakini kuna mpaka ambao watu wengi hawaujui. Sheria za nchi zote mbili zinamkataza kamishna kupokea kiapo katika jambo ambalo yeye ni avoka wa upande mmoja ao ambalo ana faida ndani yake. Avoka anayekutetea katika kesi ya deni hawezi kupokea kiapo chako katika kesi hiyohiyo. Upande wa pili ukigundua, unaweza kuomba hati hiyo itupwe. Avoka mzuri atamtuma mteja wake buro ya jirani. Mteja asichukie akiombwa kwenda kulipa mahali pengine, maana huko ni kuilinda kesi yake.

Mfano: shamba la Butembo, sahihi ya Kampala

Tuseme mama mmoja mchuuzi wa vitenge anaishi Kampala. Ana kiwanja chenye nyumba mjini Butembo, na jina lake ndilo lililo kwenye sertifika ya uandikishaji. Anataka kuuza, lakini hawezi kusafiri. Anataka mdogo wake aliye Butembo atie sahihi kwa niaba yake.

Anakwenda kwa mwanasheria Kampala na kusema anataka karatasi ya kumruhusu mdogo wake auze nyumba. Mwanasheria anaandika hati ya kiapo kwa Kiingereza: mimi fulani naapa kwamba nyumba ni yangu na kwamba namruhusu ndugu yangu. Anapiga kashe ya kamishna wa viapo. Mama analipa na kutuma karatasi kwa basi. Butembo, kwenye buro ya konservateri wa hati za ardhi, dosie inarudishwa.

Kuna mambo matatu yasiyofaa, na kila moja linatosha peke yake kuikataa karatasi hiyo.

La kwanza ni aina ya karatasi. Konservateri hakuhitaji mtu aape kwamba nyumba ni yake, maana daftari lake tayari linaonyesha hilo. Alihitaji prokirasio, yaani hati ambayo mwenye mali anampa mtu mwingine mamlaka ya kufanya jambo lililotajwa wazi: kuuza nyumba fulani, yenye nambari fulani ya sertifika, kupokea bei na kutia sahihi mkataba. Hati inayosema tu kwamba ndugu anaruhusiwa kushughulikia mali yangu haionyeshi wazi kwamba anaweza kuuza. Kushughulikia kunaweza kumaanisha kukodisha ao kukarabati. Kuuza lazima kutajwe.

La pili ni aliyepiga kashe. Mtu wa leta wa Butembo hana daftari la makamishna wa Uganda. Hawezi kujua kama jina lililo kwenye kashe ni la mtu wa kweli. Ndiyo maana karatasi ya nchi za nje inapita katika mfululizo wa sahihi, kila moja ikithibitisha ile iliyotangulia: notari wa Uganda anathibitisha sahihi ya mama, wizara ya mambo ya nje ya Uganda inathibitisha karatasi hiyo, na ubalozi wa Kongo mjini Kampala unathibitisha muhuri wa wizara. Prokirasio inaweza pia kuombwa iandikishwe kwanza kwenye buro ya uandikishaji ya leta ya Uganda kabla ya wizara kuipokea. Mfululizo unapofika kwa ubalozi, afisa wa Butembo ana muhuri wa nchi yake mwenyewe mbele ya macho. Kenya ina ngazi moja ya ziada: msajili wa Mahakama Kuu anathibitisha kwanza sahihi ya notari, ndipo wizara inapoendelea.

La tatu ni lugha. Buro za leta ya Kongo zinafanya kazi kwa Kifaransa. Karatasi ya Kiingereza inahitaji tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, na ni vizuri tafsiri ifanywe kabla ya mfululizo wa sahihi kumalizika, ili nayo isibaki bila kuthibitishwa.

Njia fupi zaidi: ubalozi wenyewe

Kuna njia ambayo mama huyo angeweza kuifuata kwanza. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mambo ya konsula, katika kifungu cha 5, unataja kazi ya notari na ya afisa wa hali ya raia kati ya kazi za konsula, mradi sheria za nchi anapofanyia kazi hazipingi. Kwa maneno mengine, buro ya konsula ya ubalozi wa Kongo inaweza kumpokea Mkongomani, kuona kitambulisho chake, kumtia sahihi kwenye prokirasio iliyoandikwa kwa Kifaransa na kuipiga muhuri wa Jamhuri. Karatasi hiyo haihitaji tafsiri wala wizara ya Uganda, maana imetoka mikononi mwa afisa wa Kongo.

Kabla ya kwenda, mama anapaswa kumtuma mdogo wake kwa konservateri wa Butembo na swali moja: je, prokirasio iliyotiwa sahihi mbele ya konsula inapokelewa kama ilivyo, ao kuna buro nyingine ya Kongo inayopaswa kuiona kwanza? Jibu la yule atakayeipokea karatasi ndilo linaloamua, si desturi ya yule anayeiandika. Mdogo arudi pia na maneno kamili: nambari ya sertifika, eneo la kiwanja na majina yote kama yalivyo kwenye daftari. Herufi moja ikitofautiana na pasipoti, dosie inaweza kusimama tena.

Kiapo hakitengenezi kuzaliwa

Makosa mengine ya mara kwa mara yanahusu watoto. Kampala ao Nairobi, mzazi asiye na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto anaweza kuombwa na shule alete hati ya kiapo juu ya tarehe na mahali pa kuzaliwa. Shule inapokea, mtoto anasoma, na mzazi anaamini jambo limekwisha. Miaka inapita, familia inarudi Bukavu na kuonyesha hati hiyo kwa afisa wa hali ya raia ili mtoto apate pasipoti. Inakataliwa.

Sababu ni kwamba Kongo haikubali kuzaliwa kuthibitishwe kwa kiapo cha mzazi peke yake. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, mzazi anapaswa kupitia tribinali ili apate hukumu inayochukua nafasi ya tangazo lililochelewa, na afisa wa hali ya raia anaandika kufuatana na hukumu hiyo. Jina lililoandikwa vibaya nalo linarekebishwa kwa njia ya tribinali. Notari hawezi kulibadilisha, wala avoka. Avoka anaweza tu kuandaa ombi na kusimama na mzazi mbele ya hakimu.

Hati ya kiapo ya Kampala haina budi kutupwa, la. Pamoja na karatasi ya hospitali ya kule alikozaliwa mtoto, inaweza kuwekwa kwenye dosie ya tribinali kama ushahidi mdogo. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa Uganda, karatasi yenye nguvu zaidi ni ile ya kuzaliwa iliyotolewa na leta ya Uganda yenyewe, ikipitia wizara na ubalozi kama ilivyoelezwa juu.

Namna ya kujua kashe mbovu

Nje ya buro nyingi za leta huko Kampala na Nairobi kuna watu wanaotoa karatasi zilizokwisha kupigwa kashe, na mteja anajaza jina lake tu. Hati hiyo ni mbovu tangu mwanzo, maana hakuna kiapo kilichotolewa mbele ya mtu yeyote. Dalili nyingine ni nafasi ya tarehe ao ya mahali iliyoachwa wazi, kashe isiyo na jina la kamishna, na sahihi ya mwenye karatasi iliyotiwa siku tofauti na ile ya kiapo. Kamishna ambaye hakuomba kitambulisho wala hakuuliza swali lolote hakufanya kazi yake.

Kuna ulinzi mmoja ambao Wakongomani wa Uganda wangefaidika kuujua. Sheria ya Uganda ya kulinda wasiojua kusoma haimaanishi tu yule asiyekwenda shule. Inamhesabu kuwa asiyejua kusoma mtu yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi ao lugha ya karatasi ile. Mwalimu wa Beni mwenye diploma, asiyejua Kiingereza, anaingia humo mbele ya karatasi ya Kiingereza. Aliyemwandikia anapaswa kuandika jina lake mwenyewe na anwani yake kwenye karatasi, na mwalimu anapaswa kufafanuliwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Kwenye hati ya kiapo, maneno yanayosema kwamba alisomewa na akaelewa yanaandikwa chini. Yakikosekana, mpinzani anaweza kuishambulia hati hiyo, na mwenye hati mwenyewe anaweza kuwa ametia sahihi jambo asilolijua.

Kutoka Goma kwenda Kampala

Njia ya upande wa pili nayo ina mtego wake. Chuo cha Uganda kinaweza kumwambia mzazi aliye Goma alete hati ya kiapo kwamba atalipa masomo ya mtoto. Mzazi anazunguka mji akitafuta kamishna wa viapo, na hampati, kwa sababu Kongo haina cheo hicho. Wengine wanaishia kwa avoka, wanalipa, na chuo kinasema kashe hiyo haitambui.

Kilicho karibu zaidi nchini Kongo ni tamko la mzazi lililotiwa sahihi mbele ya notari na kuthibitishwa naye. Likienda pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mara nyingi linajibu swali la chuo. Mzazi aandikie chuo kwanza na kueleza kwamba Kongo haina kamishna wa viapo, kisha aulize kama tamko la notari linapokelewa na kama linahitaji kupitia wizara. Kama chuo kinashikilia hati ya kiapo yenyewe, mzazi anaweza kuitoa siku atakayomsindikiza mtoto, mbele ya kamishna wa Kampala, kwa dakika chache.

Kwa ufupi, mtu anapotumwa atafute kashe, amuulize yule anayemtuma kama anataka kiapo cha mtu, uthibitisho wa sahihi ao kopi, ao mtu wa kumsemea. Kiapo kinapelekwa kwa kamishna kule anakopatikana, sahihi na kopi zinazovuka mpaka kwa notari ao kwa konsula, na kesi kwa avoka. Amuulize pia karatasi itatumiwa nchi gani, kwa lugha gani, na kama kuna tarehe ambayo baada yake itahesabiwa kuwa ya zamani. Akiweza kupata jibu hilo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, alitunze pamoja na dosie.